Kilo Thelathini na Tatu za Ukungu

Wiki ya pili ya Julai, ukungu ulioshuka Meru mwisho wa Juni ulikuwa bado umekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Uliteremka kutoka msituni, ukapita juu ya uwanja wa Kinoru, ukaingia hadi kwenye ghala la viondo ambako Leylo Gedi alikuwa amepiga magoti mbele ya mizani, kalamu sikioni, na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama ya fundi cherehani.

Leylo alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Majengo, mtaa wa hapo hapo Meru, nyuma ya msikiti, na Majengo aliolewa, na Majengo alimlea binti yake Ikran mpaka akaenda kusoma uuguzi. Upande wa kusini hajavuka Embu, na upande wa kaskazini hajapita Isiolo. Lakini kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiandika mizigo inayokwenda mbali kuliko alivyowahi kuota mtu yeyote wa ukoo wake. Kazi yake ilikuwa kuandaa orodha ya ufungashaji, ile karatasi ambayo pale ghalani kila mtu aliiita pakingi listi: katoni ni ngapi, ndani ya kila moja mna nini na vingapi, uzito wa vitu vyenyewe bila katoni na uzito pamoja na katoni yenyewe, urefu, upana na kimo. Ankara, ambayo wao waliiita invoisi, humwambia mnunuzi anachonunua na bei yake. Orodha humwambia mzigo wenyewe ulivyo, ukiwa umesimama sakafuni. Na karatasi hizo mbili lazima zikubaliane, kwa maana zisipokubaliana, ofisa wa forodha huweka kalamu chini na mzigo hulala hapo ulipo.

Wengine wangeiona kazi kavu. Leylo hakuiona hivyo. Alipoandika "katoni namba 7, seti 12, rangi ya udongo na bluu", macho yake yalitoka ghalani bila ruhusa. Aliiona katoni namba saba ikishuka Mombasa, ikipakiwa, ikitikiswa siku nyingi na maji asiyoyajua. Aliona mlango ukifunguliwa mahali penye baridi, na mtu, hajui kama ni mwanamume au mwanamke, akishika karatasi yake na kupitisha kidole kwenye mistari. Mtu yule hakumjua Leylo. Lakini kwa dakika chache alikuwa akiyaona yale yale aliyoyaona yeye, kwa mpangilio ule ule, na hilo lilimpa Leylo utulivu ambao hakuwahi kumweleza mtu.

Mwenye biashara alikuwa Ciku, mwanamke wa Embu wa miaka thelathini na minane, mwepesi wa miguu na wa maneno. Viondo vya katani alivinunua kwa wanawake wa Kiambere, kule Mbeere karibu na bwawa, akavileta Meru kukaguliwa na kufungashwa. Safari hii mnunuzi alikuwa mwenye maduka wa Denmark. Aliagiza seti mia tano sabini na sita, kila seti viondo vitatu: kikubwa, cha kati na kidogo, kimoja ndani ya kingine. Seti kumi na mbili kwa katoni, katoni arobaini na nane. Ankara Ciku alikuwa ameshaitoa na kumtumia mnunuzi na ajenti wa forodha Nairobi. Uzito aliupata kwa hesabu ya haraka: alipima katoni moja ya mfano mwezi Machi, ikatoa kilo kumi na sita na nusu kasoro, yaani 16.4, akaizidisha kwa arobaini na nane. Jumla ikawa kilo 787.2.

Leylo hakuzidisha. Yeye alipima kila katoni, moja baada ya nyingine, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, mzee Gedi, aliyepakia malori ya kwenda Maua maisha yake yote. "Mzigo haujui hesabu yako," mzee alikuwa akisema. "Ubebe ndipo uuandike."

Katoni kumi na nane za kwanza zilipita bila neno. 16.4, 16.3, 16.5, 16.4. Zilikuwa zimefungashwa Juni, kila moja na mfuko wa nailoni ndani. Kisha akainua namba kumi na tisa. Mizani ikaandika 17.3. Akaishusha, akaipandisha tena. 17.3. Namba ishirini, 17.6. Namba ishirini na moja, 17.5.

Hakushtuka. Aliendelea polepole, akinong'ona tarakimu kama mtu anayemwimbia mtoto, na nje dirishani ukungu ukazidi kuwa mweupe hadi mnara wa simu ng'ambo ya barabara ukatoweka. Alipofika namba arobaini na nane alijumlisha mara mbili. Kilo 820.2. Ankara ilisema 787.2.

Alikaa juu ya kigoda akiitazama tofauti. Kilo thelathini na tatu. Uzito wa mtoto wa darasa la tano, akawaza, na kwa muda akamwona kabisa mtoto huyo, ameketi kimya katikati ya katoni, hana jina, hayumo kwenye orodha.

Ciku aliingia akipangusa maji kwenye nywele.

"Mama Ikran, tumemaliza? Ajenti anaingoja pakingi listi. Mzigo unatakiwa Nairobi Alhamisi."

"Nimemaliza kupima, lakini hazilingani na invoisi. Zimezidi kilo thelathini na tatu."

Ciku alichukua daftari, akasoma safu nzima kwa kidole. "Hiyo mizani imeharibika."

"Huenda."

"Basi tumia uzito wa invoisi. Gawanya kwa arobaini na nane, uandike 16.4 kila mstari."

Leylo alirudisha kalamu sikioni. Haikuwa kawaida yake kubishana na Ciku, ambaye alikuwa mwajiri mzuri. "Nipe saa moja," alisema. "Kama ni mizani, nitajua."

Alijifunga shuka lake vizuri, akateremka hadi Majengo. Watu walitokea ukunguni mmoja mmoja, wakamsalimu, wakamezwa na weupe ule. Abdirahim mwenye bucha alikuwa na jiwe la mizani la kilo kumi, lenye mhuri wa wakaguzi wa vipimo, na alimpa bila kuuliza mengi.

"Unapima nini leo, dada Leylo?"

"Sijui bado," alisema.

Lile jiwe la chuma lilikuwa zito na baridi ndani ya kikapu, na njia nzima ya kurudi alihisi amebeba kitu cha kweli, kitu kisichobadilika hata dunia ikiyeyuka pande zote. Alilipandisha kwenye mizani. 10.0. Akalisogeza pembeni, akalirudisha katikati. 10.0. Mizani haikuwa na kosa.

"Basi wameongeza viondo," Ciku alisema. "Wale kina mama wakifurahi huongeza."

Wakafungua katoni namba ishirini na saba pamoja. Seti kumi na mbili, si pungufu, si zaidi. Viondo vilikuwa vizuri, vyekundu na vyeusi. Leylo alikitoa kimoja, akakiweka shavuni kama mtu anavyompima mtoto homa. Kilikuwa baridi. Si baridi ya chuma, baridi laini, inayokaa. Alikinusa. Katani kavu hunuka kama nyasi na vumbi tamu. Hii ilinuka kama kisima.

Akafungua namba tano, ya Juni, yenye nailoni. Kiondo cha humo kilikuwa kikavu, kikachakarisha vidoleni.

"Ciku," alisema, "hizi thelathini tulizifunga nailoni ilipokwisha."

"Ndiyo. Nikasema haidhuru, ni siku chache."

"Zimekaa hapa wiki mbili. Viondo vimekunywa ukungu. Kilo thelathini na tatu ni maji."

Ciku aliketi juu ya katoni, kisha akainuka haraka kama aliyekumbuka kwamba ni ya mtu. Alikuwa mfanyabiashara, na akili yake ikakimbilia njia iliyo karibu. Alitoa simu, akampigia Mwongera, ajenti wao wa forodha kule Nairobi, akaweka sauti wazi ili Leylo asikie.

"Ingizo la forodha bado sijalifungua," Mwongera alisema. "Cheti cha asili ya bidhaa pia bado, nangojea pakingi listi yenu. Kama uzito umebadilika, nitumieni invoisi mpya yenye 820.2 na listi yenye 820.2. Mimi nataka karatasi mbili zinazosema neno moja, basi. Wakipima huku wapate hivyo hivyo."

Ciku alikata simu, uso umefunguka. "Umesikia. Tunabadilisha invoisi, na wewe huandiki uongo hata kidogo. Zitalingana."

Ilikuwa kweli. Zingelingana hadi nukta ya mwisho. Leylo alilitazama daftari lake, safu zake zilizonyooka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hazikumtuliza. Macho yake yalitoka tena, yakazifuata katoni hadi ndani ya kontena lililofungwa, giza, joto la mchana na baridi ya usiku, wiki sita. Aliona maji yale ya Meru yakitoka katani, yakipanda hadi kwenye bati la juu, yakidondoka tena. Aliona kuvu ikichanua, kijivu, taratibu, kama maua ya mahali pasipo na jua. Na yule mtu wa mbali akifungua mlango na karatasi mkononi: katoni arobaini na nane, sawa; seti kumi na mbili, sawa; uzito, sawa. Kila kitu sawa, na kiondo kimeoza.

"Karatasi zitalingana," alisema polepole. "Mzigo utaoza."

"Mama Ikran, hiyo si kazi yako." Ciku hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka.

"Najua si kazi yangu. Nimekwambia tu nilichokishika kwa mkono."

Ciku alichukua kile kiondo chekundu, akakipeleka puani, akafumba macho. Alikuwa amezaliwa katika ukoo wa wanawake wanaosuka. Mama yake mwenyewe alisokota katani kwenye paja mpaka ngozi ikawa ngumu kama ya kisigino.

"Hapa hakitakauka," alisema hatimaye. "Hapa jua litaonekana Septemba."

"Kiambere liko," Leylo alisema.

Ciku akacheka kidogo, bila sauti. Kisha akampigia Mwongera tena, akamwambia mzigo hautafika Alhamisi. Mwongera alisema meli haitawangoja, na inayofuata ni baada ya siku tisa. Ciku akamwandikia mnunuzi barua pepe, akaeleza jambo lenyewe bila kulipamba. Jibu lilikuja jioni ile ile: afadhali vikawie vikiwa vikavu.

Alfajiri ya Jumatano waliondoka na kanta, lori dogo la Kathuri, dereva wa makamo mwenye sauti ya chini, katoni thelathini nyuma chini ya turubai, mizani imefungwa kwa blanketi, na bunda jipya la mifuko ya nailoni miguuni pa Leylo. Ciku alibaki kuandika karatasi upya. Walipita Chuka ndani ya ukungu, wakaiacha lami kubwa na kuteremka upande wa Ishiara, na hapo, kwenye kona moja isiyo na jina, ukungu ukakoma. Ulikoma kama pazia. Kathuri akazima wipa. Mbele yao nchi ilikuwa pana, ya rangi ya mkate, imetapakaa migunga, na mbingu juu yake haikuwa na kitu.

"Huku hujafika, mama?" Kathuri aliuliza.

"Nimefika mara nyingi," Leylo alisema, akashangaa alivyosema. "Kwa kalamu."

Mama Runji, mwenyekiti wa wasusi, aliwapokea nje ya boma lake, mwanamke mrefu mwenye meno machache na mikono isiyotulia, kwani hata akizungumza ilikuwa inasokota uzi. Nyuma yake kulikuwa na wanawake kumi na tano. Chini kabisa, katikati ya vilima, maji ya bwawa yalilala buluu, yamenyamaza.

"Nimesikia watoto wetu wamerudi nyumbani wakiwa na mafua," Mama Runji alisema.

"Wamerudi, mama. Ukungu wa kwetu umewashika."

"Walete juani. Lakini vyekundu na vyeusi weka kwa kivuli, penye upepo. Jua linakula rangi. Hizi nyeupe ndizo za kuanika."

Leylo alikuwa na sharti moja. Kila katoni ilikuwa na rangi zake, na rangi hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye ankara na kwenye orodha kwa namba ya katoni. Vikichanganyika, ingebidi kuanza upya. Basi akakata vipande thelathini vya karatasi, akaandika kumi na tisa hadi arobaini na nane, na kila lundo likapata kipande chake chini ya jiwe. Wanawake walitandaza mikeka na turubai, wakatenganisha vikubwa na vya kati na vidogo, wakaviweka midomo juu, lundo kwa lundo, vya rangi kivulini na vyeupe juani, hadi mteremko wote ukajaa duara. Viondo elfu moja na themanini vilikaa wazi chini ya mbingu, kama vinywa vya vifaranga.

Kwa siku mbili hapakuwa na kazi nyingine ila kungoja. Leylo aliketi chini ya mgunga na kutazama. Upepo ulipita juu ya viondo ukatoa sauti ndogo, na alidhani anasikia maji yakiondoka, tone kwa tone lisiloonekana, yakirudi mahali yalikotoka. Kila saa chache aliinua kiondo kimoja cha lundo namba thelathini, akakiweka kwenye mizani, akaandika. Gramu zilipungua. Alilala nyumbani kwa Mama Runji, akaswali kwenye mkeka uliosukwa na mwenyeji wake, na kati ya usingizi na kuamka hakujua kama yuko Majengo, au Kiambere, au kwenye ile nchi ya baridi ambayo hakuwahi kuipa sura.

Siku ya pili mchana, Mama Runji alikaa karibu naye.

"Mimi nimesuka miaka arobaini," alisema. "Sijawahi kuona vikienda. Vinaingia kwa gari, basi. Wewe unajua vinakokwenda?"

Leylo akamfungulia daftari. Akamwonyesha mstari wa katoni namba thelathini na nne. "Hizi ni zako, nyeusi na nyeupe. Hapa ni hesabu, hapa ni uzito, hapa ni vipimo. Hii karatasi inatangulia, halafu vyenyewe vinafuata."

Mama Runji aliupitisha mkono juu ya mstari bila kuugusa. "Basi viko na kitambulisho," alisema, na akarudi kwenye uzi wake.

Alasiri hiyo uzito ukasimama. Kiondo cha lundo namba thelathini kilipimwa mara tatu, hakikushuka tena. Wakafungasha: nailoni ndani, seti kumi na mbili, hewa ikakandamizwa nje, mfuko ukafungwa, katoni ikafungwa kwa utepe wa gundi. Katoni mbili, namba thelathini na mbili na namba arobaini na moja, zilikuwa zimelegea kwa unyevu zikachanika. Kathuri alipata mbili nyingine Kiritiri, ngumu na nzuri, lakini kimo chake kilikuwa sentimita hamsini na tano badala ya hamsini. Urefu sitini, upana arobaini, kama zile nyingine.

"Sentimita tano si kitu, mama," alisema. "Nani atapima?"

"Mimi," Leylo alisema, na Kathuri akacheka, akamshikia tepu.

Akaziandika hizo mbili mstari wao peke yao, na ujazo wao wenyewe. Kisha akapima katoni zote thelathini, moja moja, jua likiwa bado juu ya vilima. 16.4. 16.5. 16.4. Hakuzidisha hata moja.

Waliporudi Meru Ijumaa, Ciku alikuwa mezani mbele ya kompyuta, ankara ya zamani ameifuta, mpya imefunguka kwenye skrini ikiwa na nafasi tupu mahali pa uzito.

"Nisomee," alisema.

Leylo akasoma. Katoni arobaini na nane. Seti mia tano sabini na sita. Uzito bila katoni, kilo 721.2. Uzito pamoja na katoni, kilo 788.6. Ujazo, mita za ujazo 5.784. Ciku aliandika kila tarakimu kwenye ankara, kisha wakaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu na kuzipitia mstari kwa mstari: jina la mnunuzi, namba ya ankara, alama za katoni, rangi, hesabu, uzito. Ciku alisoma ya kwake, Leylo akaitikia ya kwake, kama watu wanaosali kwa zamu. Hazikutofautiana popote. Mhuri ukapigwa. Mwongera alipozipata alituma ujumbe wa neno moja tu: "Safi."

Jumanne, kule Nairobi, mzigo ulipopimwa kabla ya kuingizwa kontenani, mizani yao ilisema 788.5. Gramu mia moja hazikumsumbua mtu.

Katikati ya Septemba barua pepe ilifika kutoka Denmark. Katoni zote zilikuwa kavu. Mwenye duka aliweka picha ya dirisha lake, viondo vimepangwa kwa ukubwa, na nyuma yake mtaa wa mvua. Ciku aliichapisha. Leylo aliitazama kwa muda mrefu, zaidi kwenye mtaa ule kuliko kwenye viondo, kisha akairudisha mezani na kuendelea na kazi.

Mwaka huo Ciku alikodi chumba Kiambere, chenye sakafu ya saruji na madirisha makubwa, na ufungashaji ukahamia kule kuliko na wasusi. Meru ikabaki na karatasi. Kila oda ikikamilika, Kathuri humpitia Leylo Majengo asubuhi, na huteremka pamoja na mizani na tepu. Wiki mbili baada ya chumba kufunguliwa, Mama Runji alimwomba amfundishe. Hajawahi kusoma zaidi ya darasa la tatu, alisema, lakini namba anazijua, kwa sababu kusuka ni kuhesabu.

Leylo akampa ncha ya tepu. Mama Runji aliivuta hadi pembe ya katoni, akainama, akafinya jicho moja.

"Sitini," alisema.

"Andika," Leylo alimwambia, akampa kalamu.